‘Hongera sana, usitusahau’: Sarufi ya furaha na sarufi ya kijicho

‘Hongera sana, usitusahau.’ Hili ni jibu la maneno matatu, na huenda ndilo linaloandikwa mara nyingi zaidi mtu wa Nairobi anapoweka picha ya gari jipya au ya funguo za nyumba mpya. Wahakiki tumezoea kuchambua tungo ndefu. Leo naomba tulihakiki jibu hili fupi kama matini kamili, kisha tulilinganishe na jibu jingine ambalo ni nadra kulisoma: lile la rafiki aliyefurahi kikweli, asiye na chembe ya kijicho.

Tuanze na neno la tatu. ‘Usitusahau’ lina vipande vinne: u- ya mtendwa pongezi, -si- ya kukanusha, -tu- ya sisi tunaoandika, na mzizi wa kitenzi. Kwa tafsiri ya kisarufi, ni katazo. Mtu amenunua gari, nasi tunamkataza jambo. Tena katazo hili limebeba dhana iliyofichwa, kwa sababu humkatazi mtu jambo ambalo hukumshuku nalo. Ukimwambia mtoto ‘usiibe sukari’, umeshatangaza kwamba sukari na mtoto huyo hawaaminiani. Vivyo hivyo, ‘usitusahau’ linasema: watu wakipata husahau, nawe sasa umo katika kundi la watu hao. Neno la kwanza limempongeza, neno la tatu limemshtaki kwa kosa ambalo bado hajalitenda.

Najua msomaji ataniambia, ‘Aa, hayo ni mazoea tu, msee hamaanishi kitu.’ Nakubali kwamba wengi hawamaanishi ubaya. Lakini mazoea ya lugha hayazuki bure. Neno linapokuwa la mazoea ndipo linapotuonyesha kile ambacho jamii nzima huona ni cha kawaida kukisema, na hapa kinachoonekana cha kawaida ni kwamba furaha ya mwenzetu ianze mara moja kutuhusu sisi.

Mwanafalsafa wa lugha John Searle, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu matendo ya usemi, aliweka masharti ya pongezi kuwa pongezi. Lazima pawe na tukio lenye manufaa kwa anayeambiwa, msemaji awe anaamini kwamba lina manufaa hayo, na msemaji awe amelifurahia. Sharti hilo la mwisho ndilo la unyofu. Ugumu ni kwamba ‘hongera’ ya mtu asiyefurahi bado huhesabiwa kuwa hongera. Imetamkwa, imesikika, na mwenyewe atajibu ‘asante’. Neno lenyewe halina kiambishi cha nafsi ya msemaji. Halisemi nani anafurahi wala amefurahia nini. Ndiyo maana furaha ya kweli haiwezi kutafutwa ndani ya neno ‘hongera’, wala ndani ya ‘heko’ au ‘kongole’. Lazima itafutwe katika maneno yanayolifuata.

Kabla ya kuyafuata maneno hayo, tuelewane kuhusu hisia tunayoizungumzia. Kiswahili cha Nairobi kimezoea kutupa kila kitu katika kapu la ‘wivu’. Lugha yenyewe ina mgawanyo mzuri zaidi. Kuna husuda, ambayo pia huitwa kijicho: kuchukia kwamba mwenzako anacho, na kutamani kimtoke hata kama hakitakufikia wewe. Kuna pia ghera: kuona alichokipata mwenzako ukapata hamu ya kujitahidi nawe ukipate, yeye akibaki nacho. Mgawanyo huu ni wa kale. Aristotle aliutenga katika kitabu chake cha balagha, na Imamu Ghazali akaueleza kwa kina miaka mingi baadaye, akiipa ile hisia ya pili jina lake na kutoihesabu kuwa dhambi. Mtazame pia mnyumbuliko wa neno ‘kijicho’. Ni jicho lililopewa kiambishi cha udogo ki-. Hasidi si kipofu. Anaona, ila anaona kidogo.

Udogo huo wa kuona ndio kiini cha hoja yangu. Wahenga wa pwani waliotazama majahazi walituachia methali isemayo usione vyaelea, vimeundwa. Aliyeona kuelea peke yake ameona nusu. Picha ya gari ni picha ya kuelea. Nadai kwamba jibu la rafiki wa kweli hutambulika kwa jambo moja: linataja kuundwa.

Hebu tuone kuundwa kwenyewe kulivyo. Mtaa wetu wa Mountain View umekaa kandokando ya Waiyaki Way, Kangemi ikiwa upande mmoja na Uthiru upande mwingine. Hapa gari si pambo peke yake. Asubuhi barabara hiyo hujaa magari yaelekeayo Westlands na katikati ya jiji, na jioni hujaa yanayorudi. Asiye na gari husubiri matatu, na mvua ikinyesha nauli hupanda. Basi tumchukue mkazi mmoja wa mfano, mwalimu, tumwite Mama Neema. Anaweka akiba ya shilingi 5,000 kila mwezi katika chama cha akiba na mikopo, yaani Sako. Baada ya miaka 5 ana shilingi 300,000. Sako nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo anaweza kupata 900,000, mradi apate wadhamini wa kutia saini. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayohesabiwa kwa deni lililobaki, na muda wa miezi 48, atalipa takriban shilingi 23,700 kila mwezi. Mpaka deni liishe, mara nyingi jina la mkopeshaji hukaa pamoja na lake katika hati ya umiliki wa gari.

Gari lenyewe nalo limesafiri. Yaelekea lilitumika Japani kwanza, likakaguliwa huko, likapakiwa melini hadi bandari ya Mombasa likiwa halijapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwani lililozidi umri huo haliruhusiwi kuingia nchini. Likatozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Likapewa namba inayoanza na K, ambayo herufi zake huenda kwa mfuatano, hivi kwamba jirani akitupa jicho moja tu anajua lilisajiliwa lini. Miaka 5 ya kuweka, miaka 4 ya kulipa: jumla 9. Yote hayo yamebanwa katika picha moja iliyopigwa saa za jioni, mtoto akiwa ameshika usukani.

Sasa turudi kwenye majibu. Mwaka 2004, mtafiti wa saikolojia Shelly Gable na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyoitikia habari njema za wapenzi na wenzi wao. Waligawa miitikio hiyo katika makundi manne: wa kuchangamka na kujenga, wa kuunga mkono kwa ubaridi, wa kuchangamka lakini kubomoa, na wa kupuuza. Mgawanyo huu ulifanywa kwa watu wa mapenzi na ndoa, si kwa marafiki wa Mountain View, kwa hiyo nauazima kama chombo cha kupangia tu. Hata hivyo unatufaa kwa sababu unatuzuia kudhani kwamba kuna majibu mawili tu, zuri na baya.

Jibu la kubomoa kwa uchangamfu tunalijua. Huvaa joho la ushauri. ‘Safi sana, lakini hiyo gari spea zake ni ghali.’ ‘Si ungejenga kwanza?’ Na kwa aliyenunua nyumba: ‘Kwa hiyo pesa si ungepata ploti kadhaa kule Joska?’ Mwandishi wa jibu hili amejitahidi, amefikiri, pengine hata amepiga hesabu. Lakini ushauri una wakati wake, na wakati wa ushauri kuhusu ununuzi ni kabla ya ununuzi. Baada ya funguo kukabidhiwa, ushauri hauwezi kubadilisha chochote ila furaha ya mwenyewe. Kisarufi, angalia hali ya masharti: ‘ungejenga’, ‘ungepata’. Kiambishi -nge- hujenga ulimwengu ambao haupo, kisha kinamwalika mwenye gari ahamie huko akajutie. Katika jibu la pongezi, nikiona -nge- nashtuka.

Ndugu wa jibu hilo ni swali la bei. ‘Ulinunua pesa ngapi?’ ‘Ni keshi ama ni loni?’ Kwa Mama Neema swali la pili linagusa kidonda, maana hati ya gari ina majina mawili. Anayeuliza hadharani anamlazimisha achague kati ya kusema uongo na kufungua daftari lake la madeni mbele ya watu. Hata asipokusudia, ameigeuza furaha kuwa ukaguzi.

Jibu la kupuuza ni lile linaloiacha picha na kwenda zake: ‘Kwani huyo nyuma yako ni nani?’ au ‘Hapo si ni karibu na kwa shangazi?’ Nalo lile la kuunga mkono kwa ubaridi ni ‘Hongera’ iliyosimama pekee, au kidole gumba tu. Katika utafiti niliotaja, hata aina hii ya ubaridi ilienda pamoja na uhusiano hafifu, jambo ambalo huwashangaza wengi. Binafsi silishangai sana. ‘Hongera’ pekee hupewa mtu usiyemjua kwenye foleni ya benki. Anapopewa rafiki wa miaka kumi, neno halijabadilika, ila pengo kati ya neno na urafiki limeonekana.

Lipo kundi ambalo mgawanyo ule wa kigeni haukulitengea nafasi, nalo ndilo letu hasa. Ni majibu yanayohamisha nafsi. ‘Usitusahau’ limo. ‘Mungu nikumbuke na mimi’ limo. ‘Sisi wa mguu tunawaona tu’ limo. ‘Tuonyeshe njia, mkubwa’ limo. Haya si ya kubomoa wala si ya ubaridi. Yana moto mwingi. Tatizo lake ni kwamba yalianza na ‘wewe’ na yakamalizikia kwa ‘mimi’ au ‘sisi’. Tuwe waadilifu: ‘Mungu nikumbuke’ si husuda. Msemaji hatamani gari la Mama Neema limtoke. Anatamani la kwake. Hiyo ni ghera, na ghera haina lawama. Ila pia si pongezi. Ni dua ya mtu anayejiombea, akiwa amesimama katika uwanja wa nyumba ya mwenzake. Aliombee hilo chumbani kwake, nasi tutasema amina.

Hapa ndipo naweka kipimo changu, na ni kipimo cha sarufi. Lisome jibu, tafuta vitenzi, uliza: nani ni kiima? Katika jibu lililo huru na kijicho, kiima kikuu ni nafsi ya pili, naye ametenda jambo. Msomaji anaweza kudhani basi nafsi ya kwanza imepigwa marufuku. La hasha. Nafsi ya kwanza inaruhusiwa, lakini ina kazi mbili zinazowezekana: inaweza kuja kama shahidi au ikaja kama mdai. ‘Nakumbuka ulivyoanza’ ni shahidi. ‘Nikumbuke na mimi’ ni mdai. Kitenzi ni kilekile, kukumbuka. Kilichobadilika ni mahali pa mimi katika sentensi.

Tujaribu kumwandikia Mama Neema. Jaribio la kwanza: ‘Hongera sana Mama Neema, Mungu azidi kukubariki.’ Ni jibu jema, halina kosa, na siku ya haraka litoshe. Lakini libandike chini ya picha ya mtu mwingine yeyote na litafaa vilevile. Halikumwona. Tena kiima cha kitenzi chake kimoja ni Mungu. Mama Neema mwenyewe ana haki ya kusema ‘ni Mungu’, na huo utakuwa unyenyekevu wake. Anayempongeza akisema hivyo peke yake, ile miaka 5 ya shilingi 5,000 imefutika.

Jaribio la pili: ‘Waaah! Mama, umeomoka kabisa! Wewe ni malkia, hakuna kama wewe hii Nairobi nzima, umetisha!’ Lina moto, lina Sheng tamu, na kiima ni nafsi ya pili. Mbona basi halitoshi? Kwa sababu vivumishi vimefanya kazi ya vitenzi. Sifa za jumla zinazidi kipimo cha tukio, na sifa iliyozidi humfanya msifiwa ajitetee: ‘Aa, ni kagari kadogo tu.’ Akishasema hivyo, ameanza kulipunguza gari lake mwenyewe ili kukufikia mahali pa ukweli. Chumvi nyingi, kama mpishi yeyote ajuavyo, huwekwa pia kuficha chakula kilichochacha.

Jaribio la tatu: ‘Hongereni, Mama Neema! Nakumbuka mkisimama steji ya Kangemi alfajiri, Neema mgongoni, mvua inanyesha. Uliniambia utaweka kidogokidogo, na ukaweka. Hebu niambie, siku ya kwanza mlienda wapi?’

Tulichambue bila haraka. Neno la kwanza si ‘hongera’ bali ‘hongereni’. Ingawa tumesema ni kihisishi kisicho na nafsi ya msemaji, neno hili lina bahati ya kupokea -ni ya wengi, kama ‘pole’ inavyozaa ‘poleni’. Kwa silabi moja hiyo, mtoto na wote wa nyumba hiyo wameingizwa katika furaha. ‘Heko’ haiwezi kufanya hivyo.

Kisha ‘nakumbuka’. Huyu ni shahidi. Anasema: nilikuwepo wakati chombo kinaundwa, sikukiona leo kikielea. Kumbukumbu yenyewe ni mahususi: kuna steji, kuna wakati, kuna mvua. Haiwezi kuhamishiwa chini ya picha ya mtu mwingine.

Halafu ‘na ukaweka’. Hapa ndipo moyo wa jibu ulipo, tena umekaa katika -ka-. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba -ka- ni ya mfuatano wa matukio: alikuja, akakaa, akala. Lakini inapofuata ahadi, -ka- hufanya zaidi. ‘Uliniambia utaweka, na ukaweka’ ni kusema kwamba neno lako lilifuatwa na tendo lako. Hakuna kivumishi hata kimoja katika sentensi hiyo, na sidhani kama kuna sifa kubwa zaidi ya kumpa mtu mzima.

Mwisho, swali. Swali la bei linaishia kwa ‘ngapi’, hili linaishia kwa ‘wapi’. ‘Ngapi’ huomba takwimu, na takwimu huomba ulinganisho. ‘Wapi’ huomba hadithi. Swali la namna hii ndilo linaloonyesha kwamba msemaji anataka furaha ile iendelee kidogo zaidi, badala ya kuifunga aondoke.

Namna hii ya kujibu nayo ina hatari zake. Ya kwanza ni kumbukumbu yenyewe. Kukumbusha juhudi si sawa na kukumbusha ufukara. ‘Nakumbuka ukiweka akiba’ ni sifa. ‘Nakumbuka ukikopa unga kwa jirani’ ni kijembe, hata kikiandikwa na vicheko kumi mbele yake, kwa sababu kinamrudisha mtu alikotoka mbele ya watu wasiojua. Ndiyo sababu nimeandika ‘kidogokidogo’ badala ya kutaja shilingi 5,000, na sikuitaja Sako. Shahidi mwema hutoa ushahidi unaomfaa mwenye kesi na kunyamaza kuhusu mengine. Kama pana shaka kwamba jambo fulani ni la siri, liandikwe faraghani au lisemwe kwa simu.

Hatari ya pili ni kuuhukumu utani kwa sheria za pongezi. Baina ya marafiki wa tangu shuleni, ‘Buda, sasa utatupita hapo Kangemi ukiturushia maji ya matope!’ ni utani mtupu, na mwenyewe ataufurahia kuliko sentensi zangu zote. Utani una kipimo chake: je, mlitaniana hivi kabla ya gari? Kama mlitaniana, utani umeendelea na urafiki haujatikisika. Kama utani umezaliwa siku gari lilipofika, huo si utani, ni kijicho kilichojifunika shuka.

Hatari ya tatu ni ya kimahali. Ukiwa Mombasa au Lamu, ukasifu nyumba mpya kwa maneno matamu bila ‘Mashaallah’, wenyeji wengi watahisi pungufu. Neno hilo hukiri kwamba ni matakwa ya Mungu, na papo hapo msifu anajitakasa: jicho langu halina shari. Pwani ambako ‘hasidi hana sababu’ huandikwa hadi kwenye kanga, lugha ilimpa mtazamaji njia fupi ya kutangaza kwamba yeye si hasidi. Hili halipingani na kipimo changu. Mwombe Mungu amkinge mwenzako, kisha useme alichokifanya. Moja haliondoi jingine.

Na kuna mpaka ambao sarufi haiuvuki. Sentensi zangu tatu zinaweza kuandikwa na hasidi mwenye kalamu nzuri. Maneno hayawezi kuapa kwa niaba ya moyo. Lakini naona ugumu mmoja utakaomkabili: ili aandike ‘na ukaweka’, lazima kwanza atazame miaka ile 5 ya mwenzake, aikubali kwamba ilikuwepo, na kwamba gari halikudondoka kutoka mbinguni wala halikutokana na ‘kujulikana na wakubwa’. Husuda huishi kwa kutotazama huko. Anayelazimika kutaja kuundwa kwa chombo ili amalize sentensi yake huenda akaimaliza akiwa na husuda pungufu kuliko alivyoianza. Na kama bado moyo wake umebana, ‘hongereni’ fupi leo na simu wiki ijayo ni uaminifu zaidi kuliko aya nzima ya asali.

Anayetaka kujua jibu lake lilifika vipi na asome jibu la jibu. Mwenye gari akiambiwa ‘usitusahau’, huandika ‘siwezi kuwasahau jamani’. Ni sentensi ya kukanusha, ya mtu anayejitetea, na mazungumzo huishia hapo. Akiulizwa siku ya kwanza walienda wapi, huanza kusimulia: tulipanda hadi Limuru, tukanunua viazi kando ya barabara, tukarudi polepole kwa sababu nilikuwa naogopa malori, Neema akalala kabla hatujafika nyumbani. Tuka-, tuka-, aka-. Mtu akijibiwa kwa -ka- tatu mfululizo, aliuliza kama rafiki.